Jibu kwa Msomaji Asiyetaka Kukutana Tena

Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam, aliyejiita "Mwenye Kusita", ameeleza kwamba wifi yake alimkutanisha na mwanamume mmoja, wakala chakula cha mchana katika mgahawa wa Mikocheni, na kwamba mwanamume huyo alikuwa muungwana tangu mwanzo hadi mwisho, akalipia chakula na hata nauli ya bajaji ya kurudia; hata hivyo mazungumzo yalikwenda kwa kusukumwa, na msomaji akaondoka bila hamu ya kumwona tena. Jioni ile ile mwanamume alimwandikia akiomba waende Bagamoyo Jumamosi, naye akajibu, "Tutaona, wiki hii nina kazi nyingi." Siku tatu baadaye ameulizwa kama wiki inayofuata itafaa, na sasa anataka kujua namna ya kukataa bila kumuumiza.

Kilichokosekana mezani ni mvuto, yaani ile hali ya mtu kupendezwa na mwenzake kiasi cha kutamani kuwa karibu naye kimapenzi, ambayo heshima na ukarimu peke yake haviwezi kuizalisha. Wapo ambao mvuto huwajia polepole, na mwenye shaka hafanyi vibaya akikubali kukutana mara ya pili; lakini barua hii haisemi shaka, inasema hamu haipo, na kwenda Bagamoyo kwa kuona haya kungemwongezea mwanamume matumaini ambayo baadaye yangekuwa magumu zaidi kuyaondoa.

Tatizo lililopo limetokana na lile jibu la kwanza. Kazi nyingi ni udhuru, na udhuru hupita. Kwa hiyo mtu aliyeambiwa hivyo hungoja upite, kisha huuliza tena, kama alivyofanya mwanamume huyu, ambaye kwa haki hawezi kuitwa king'ang'anizi kwa sababu ameyachukua maneno kama yalivyoandikwa. Udhuru wa pili ungezaa swali la tatu, na kunyamaza kungemwacha akitazama simu bila kujua kama ujumbe umemfikia mwenzake au umepuuzwa. Inafaa basi msomaji ajibu leo, kwa maandishi, maana ujumbe wa maandishi humpa mpokeaji nafasi ya kuipokea habari akiwa peke yake, bila kulazimika kuficha sauti yake kwenye simu. Anaweza kuandika hivi:

"Habari za jioni. Asante kwa mwaliko, na asante kwa chakula cha siku ile; ulinipokea vizuri. Nimetafakari, na kwa upande wangu sikuhisi mvuto wa kimapenzi kati yetu, kwa hiyo sitapenda tuendelee kukutana. Nilipaswa kukueleza mapema badala ya kutaja kazi, uniwie radhi. Nakutakia kila la heri."

Shukrani imetangulia na imetaja jambo halisi, kisha uamuzi ukafuata bila kuzungushwa, na maneno "kwa upande wangu" yameuweka kwenye hisia za mwandishi badala ya kasoro za mpokeaji. Msomaji asiongeze "kwa sasa", kwa kuwa maneno hayo mawili yanamwambia mwanamume ajaribu tena baadaye. Wala asitaje sababu kama vile kwamba alizungumza sana kuhusu kazi yake, kwa kuwa sababu ya namna hiyo inaumiza, na papo hapo inamwalika aahidi kujirekebisha, ilhali hata akijirekebisha mvuto hautakuja. Pendekezo la kubaki marafiki nalo liachwe kama urafiki wenyewe hautakiwi. Kurudisha fedha za chakula na nauli kwa simu hakushauriwi pia, kwani kungeugeuza ukarimu kuwa deni na kumfedhehesha aliyetoa kwa nia njema.

Huenda akauliza, "Nimekosea nini?" Swali hilo ni la kibinadamu na linastahili jibu moja fupi: "Hukukosea kitu, ni hisia zangu, na uamuzi wangu haubadiliki." Baada ya hapo msomaji halazimiki kuendelea kujibu, na likija tusi au kitisho, au akianza kumvizia nyumbani ama kazini, suala la upole limekwisha: ahifadhi ujumbe wote, azuie namba, na awaeleze kaka yake na wifi yake bila kuchelewa.

Wifi ana nafasi yake hata mambo yakienda vizuri, kwa sababu ndiye aliyewakutanisha na bila shaka ataulizwa. Aambiwe jioni hiyo hiyo, lakini baada ya ujumbe kutumwa, ili mwanamume asiipate habari yake kwa mtu mwingine. Na kinachomtosha kujua ni kwamba wawili hao walikutana kwa heshima na hawataendelea, bila masimulizi ya alivyovaa, alivyokula wala alichokisema.