Bidhaa ya majaribio kwa mtaji mdogo: nini kiingie, nini kibaki nje

Bidhaa ya majaribio ni nini hasa?

Ni umbo dogo kuliko yote la bidhaa au huduma linaloweza kuuzwa kwa mteja halisi ili kujibu swali moja kuhusu biashara. Neno lenyewe lilibuniwa na Mmarekani Frank Robinson mwaka 2001, na likaenea duniani kupitia kitabu cha Eric Ries cha mwaka 2011. Tangu hapo limetumika vibaya mara nyingi, kwa kuchukuliwa kuwa toleo la kwanza la bidhaa kamili lililopunguzwa vipengele viwili vitatu. Tofauti ni kubwa. Toleo la kwanza hutengenezwa na mtu anayejua kwamba bidhaa inatakiwa. Bidhaa ya majaribio hutengenezwa na asiyejua, naye hulipia jibu tu.

Mfano unaotajwa sana ni wa Nick Swinmurn, aliyeanzisha mwaka 1999 huko Kalifonia duka la mtandaoni lililokuja kuitwa Zappos. Swali lake lilikuwa hili: je, watu watanunua viatu bila kuvijaribu mguuni? Hakukodi ghala wala hakuagiza viatu. Alipiga picha viatu vya maduka ya jirani na kuziweka kwenye tovuti. Mteja alipoagiza, alikwenda dukani, akavinunua kwa bei ya rejareja na kuvituma. Faida haikuwapo, lakini jibu lilipatikana.

Mawanda ya kazi huanzia wapi?

Wengi huanza na orodha ya vipengele, kisha wanakata vilivyo ghali mpaka bajeti itoshe. Njia hiyo hukata kwa kufuata bei, na kinachobaki huwa ni vitu rahisi kutengeneza, si vitu vyenye jibu. Kazi huanza na orodha ya dhana, yaani mambo ambayo lazima yawe kweli ili biashara isimame. Kila dhana huulizwa maswali mawili: ikiwa si kweli, biashara inakufa? Na kuna ushahidi gani hadi sasa kwamba ni kweli? Dhana inayoua biashara na isiyo na ushahidi ndiyo inayochora mipaka ya jaribio.

Chukulia vijana wawili wa Dar es Salaam wenye shilingi 1,500,000. Wazo lao ni programu ya simu itakayowafikishia mama lishe nyanya, vitunguu na mboga nyingine kila asubuhi, ili wasilazimike kudamka saa 10 alfajiri kwenda soko la Mabibo. Orodha yao ya kwanza ina usajili, katalogi yenye picha, malipo ndani ya programu, ramani ya kufuatilia mzigo, nyota za kumpima msambazaji na mkopo wa siku saba. Fundi wa programu peke yake angemaliza fedha zote.

Orodha ya dhana inaonyesha sura nyingine. Kwamba simu inaweza kupokea oda si dhana, ni jambo linalojulikana. Zisizojulikana ni tatu. Je, mama lishe atakubali mtu mwingine amchagulie nyanya? Je, atalipa ada ya kuletewa? Je, ada hiyo itafidia gharama ya kuzileta? Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji programu ya simu.

Swali likishapatikana, jaribio huandikwaje?

Huandikwa kwa sentensi yenye mteja, tendo, idadi na tarehe, kabla ya shilingi ya kwanza kutoka. Idadi haitolewi hewani, hutokana na hesabu ya biashara yenyewe. Tuseme usafiri wa guta la injini ni shilingi 15,000 kwa siku na posho ya mnunuzi wa sokoni ni 10,000. Jumla ni 25,000. Ikiwa ada ya kuletewa ni 2,000 kwa oda, oda 12 zinaleta 24,000 na bado kuna pengo, ilhali oda 13 zinalifunga. Basi sentensi inakuwa: katika wiki ya nne, mama lishe wa Sinza watatoa wastani wa oda 13 kwa siku, wakilipa ada kamili ya shilingi 2,000.

Kuiandika mapema kuna sababu. Wiki ya nne ikileta oda tisa kwa siku, mwenye wazo atashawishika kusema kwamba tisa si haba. Karatasi iliyoandikwa mwezi mmoja nyuma humzuia kusogeza goli.

Kwa hiyo nini kinaingia na nini kinabaki nje?

Kila kipengele hupimwa kwa swali moja: kikiondolewa, je, jibu la jaribio litapotea? Eneo linabaki moja, Sinza, ili guta lizunguke mara moja tu. Bidhaa zinabaki tano: nyanya, vitunguu, karoti, hoho na viazi. Walioalikwa ni mama lishe 20, na oda hazizidi 15 kwa siku. Oda hupokelewa kwa WhatsApp au kwa kupiga simu, mwisho saa 2 usiku. Malipo ni taslimu au kwa simu, mzigo unapopokelewa. Kumbukumbu zote hukaa kwenye jedwali moja.

Programu, katalogi, ramani na nyota vinatoka. Mkopo nao unatoka, na kwa sababu nzito zaidi: ukiingia, haitajulikana kama wateja wanafuata mboga au wanafuata mkopo. Jaribio moja haliwezi kubeba maswali mawili.

Fedha zinagawanywa hivi kwa siku 24 za kazi: usafiri 360,000, posho ya mnunuzi 240,000, mtaji wa mzunguko wa kununulia mboga 300,000, fidia ya mboga zilizoharibika 150,000, kreti za plastiki 60,000, na vocha 40,000. Jumla ni 1,150,000. Mtaji wa mzunguko ndio unaoweka kikomo cha oda 15, ikikadiriwa kwamba kila oda ina mboga za shilingi 20,000. Shilingi 350,000 zilizobaki haziguswi. Jibu la kwanza aghalabu huzaa swali la pili, na anayemaliza fedha zote kwenye swali la kwanza hubaki na somo asiloweza kulitumia.

Kuna kitu kisichopaswa kukatwa kabisa?

Kipo: kile ambacho ahadi yenyewe imeegemea. Katika mfano huu ni nyanya nzima na muda. Kreti za plastiki zinaonekana kama anasa, lakini nyanya zikisafirishwa kwenye viroba zitafika zimepondeka, na mama lishe atakataa oda ya pili. Hapo mwenye wazo atahitimisha kwamba wateja hawataki kuletewa, kumbe walichokataa ni nyanya zilizopondeka. Ndiyo maana kila anayeacha kuagiza huulizwa sababu, na sababu huandikwa kwa maneno yake. Sababu zikiwa za ubora au kuchelewa, jaribio limekosewa na wazo bado halijapimwa. Zikiwa za aina ya “naenda sokoni mwenyewe, napata na nyongeza”, wazo ndilo lililopimwa.

Sheria nayo haikatwi kwa hoja ya udogo. Huduma ya kupokea na kutunza fedha za watu, kwa mfano, inahitaji kibali cha Benki Kuu hata ikiwa na wateja 20. Hivyo jaribio hili halina pochi ya kuwekea akiba.

Kazi ikifanywa kwa mikono, matokeo yanaaminika?

Kwa swali la kama mteja atanunua, yanaaminika. Mama lishe hajali kama oda yake imepokelewa na mashine au na kijana mwenye daftari, mradi ndoo ya nyanya imefika kabla moto haujakolea. Kwa swali la gharama, kuna mtego. Vijana wawili wanaokesha wakijumlisha oda bila malipo wanaficha gharama ambayo baadaye italazimu kulipwa. Dawa ni kuandika saa zao kila siku. Ikionekana kwamba oda 15 zinakula saa tatu za kujumlisha na kukumbusha wateja, hapo ndipo programu inapojitetea yenyewe, na inajulikana ianze kufanya kazi gani.

Mawanda huvurugika vipi katikati ya jaribio?

Mara nyingi kwa wema. Mteja wa tatu anaomba mchele, wa tano anaomba mkaa, mwingine anaomba aletewe Manzese. Kila ombi linaonekana dogo, lakini mchele unataka mtaji mwingine na Manzese inataka mzunguko wa pili wa guta. Maombi huandikwa yote kwenye jedwali na hayatekelezwi mpaka wiki ya nne iishe. Orodha hiyo ni matokeo ya jaribio pia.

Njia ya pili ni punguzo. Oda zikisuasua, ada hushushwa hadi 500 au hufutwa ili idadi ipande. Idadi itapanda, ila swali litakuwa limebadilishwa kimyakimya. Hali ni hiyo pia kwa oda za shangazi na marafiki, ambazo hununuliwa na undugu. Huandikwa kando na hazihesabiwi.

Matokeo husomwaje?

Kwa kutazama wanachofanya wateja kuliko wanachosema. Mfano bora wa Afrika Mashariki ni M-Pesa. Majaribio yake yalianza Kenya Oktoba 2005, kwa wateja wapatao 500, na lengo lilikuwa kuwawezesha wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo kulipa marejesho kwa simu. Wateja wakaitumia kwa mengine: kutumiana fedha wao kwa wao, na kuweka fedha wakiwa safarini ili zisiibwe. Sehemu ya marejesho, yenye taratibu zake za vikundi, ndiyo iliyoleta ugumu. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, marejesho ya mikopo yaliachwa na kutuma pesa kukawa ndiyo bidhaa.

Kwa vijana wa Sinza, wiki ya nne inaweza kuishia kwa njia tatu. Oda zikifika 13 kwa ada kamili, jaribio linalofuata ni mtaa wa pili kwa guta lilelile, na programu bado inasubiri. Zikikwama kwenye tano huku malalamiko ya ubora yakiwa machache, wazo limejibiwa, na zile 350,000 pamoja na mtaji wa mzunguko uliorudi vinaendea swali jingine. Hali ya tatu ni oda tisa au kumi, na wengi walioacha wakisema wangeendelea kama wangelipa jioni baada ya kuuza chakula. Hapo biashara iliyogunduliwa inahusu mkopo wa saa kumi na mbili zaidi ya usafirishaji wa mboga. Jaribio lake litaandikwa upya, likiwa na sentensi yake, idadi yake na tarehe yake.