Kontena Lililobaki Colombo: Sababu ya Mzigo wa Mwanza Kuchelewa Njiani

Mtumiaji wa huduma za usafirishaji anayeishi Mkolani, aliyeagiza bidhaa kutoka China, huambiwa na wakala wake kwamba mzigo utapita bahari kwa siku kadhaa, kisha utafika. Siku hizo hupita, mzigo hauonekani, na jibu analopewa ni moja: meli imechelewa. Katika sura hii tunaeleza nini hasa huwa kimechelewa, na namna mtumiaji anavyoweza kulipima jibu hilo mwenyewe.

Msafiri wa Ukerewe anaufahamu utaratibu huu bila kufundishwa. Basi kutoka Dar es Salaam humfikisha stendi ya Nyegezi, lakini safari yake haijaisha, kwa kuwa Nansio inafikiwa kwa chombo cha majini. Basi likichelewa saa mbili na chombo kikawa kimekwisha kung'oa nanga, msafiri hulala Mwanza. Saa mbili zimegeuka kuwa usiku mzima, ingawa hakuna chombo kilichokwenda polepole.

Ndivyo ilivyo kwa makontena. Meli kubwa zaidi zinazopita kati ya Asia na Ulaya, kama ile Ever Given iliyokwama katika Mfereji wa Suez mwaka 2021, zina urefu wa mita 400 na hubeba zaidi ya makontena 20,000 ya futi 20. Meli ya aina hiyo inahitaji kina kirefu cha maji na shehena nyingi sana ili gharama zake zirudi. Kuileta Dar es Salaam kwa ajili ya makontena mia chache hakuna faida kwa mwenye meli. Kwa hiyo meli za njia kuu hushusha makontena katika bandari kuu chache za kuhamishia shehena, kama Colombo nchini Sri Lanka, Salalah nchini Oman au Jebel Ali huko Dubai. Makontena hayo hupangwa uwanjani, kisha huchukuliwa na meli ndogo zaidi zinazosambaza mizigo katika bandari za Afrika Mashariki. Zipo pia meli zinazotoka Asia hadi Dar es Salaam bila kuhamisha shehena, tutazirudia.

Tuchukue mfano wa fundi cherehani wa Mkolani aliyeagiza cherehani 6 kutoka Guangzhou. Amekwisha kupokea malipo ya awali ya kushona sare za shule, na shule hufunguliwa Januari. Mzigo wake ni mdogo, hivyo umewekwa katika kontena la kuchangia pamoja na mizigo ya watu wengine. Meli kubwa inaondoka bandari ya Nansha tarehe 3 Oktoba na inatarajiwa Colombo tarehe 15. Meli ya kusambaza huondoka Colombo kwenda Dar es Salaam mara moja kwa wiki, na safari yake inayofuata ni tarehe 17. Kutoka hapo ni mwendo wa siku 8 hivi. Wakala amehesabu vizuri: kontena litafika Dar es Salaam tarehe 25 Oktoba.

Meli kubwa inakuta foleni Singapore na kupoteza siku 2. Inaingia Colombo tarehe 17 mchana, wakati meli ya kusambaza imekwisha kufunga kupokea makontena. Kontena linashushwa na kusubiri safari ya tarehe 24. Siku hiyo meli inajaa, kwa sababu makontena yaliyokosa safari iliyotangulia yanagombania nafasi na yale ya wiki hiyo, na la fundi wetu linaachwa. Linapakiwa tarehe 31 na kufika Dar es Salaam tarehe 8 Novemba. Kuchelewa kwa siku 2 kumezaa kuchelewa kwa siku 14, na muda wote huo kontena halikuwa baharini. Lilikuwa limekaa uwanjani.

Hali huwa mbaya zaidi bandari kuu yenyewe inaposongamana. Tangu mwishoni mwa mwaka 2023, mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu yalizifanya meli nyingi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Ratiba zilivurugika, meli zikafika kwa makundi, na katikati ya mwaka 2024 bandari ya Singapore ilielemewa na foleni. Mei 2018, kimbunga Mekunu kiliifunga bandari ya Salalah kwa siku kadhaa. Mtu wa Mwanza hulipata tatizo la namna hiyo bila hata kusikia jina la bandari husika.

Sasa, fundi wetu atajuaje kwamba anaambiwa ukweli? Amwombe wakala namba ya kontena, yenye herufi 4 na tarakimu 7, pamoja na jina la shirika la meli. Kwa kuwa kontena ni la kuchangia, hati ya shehena ya shirika la meli iko kwa mkusanyaji wa mizigo. Yeye ana hati ya mkusanyaji tu, ambayo huenda isiwe na namba hiyo. Hilo ndilo pengo ambamo visingizio hukaa. Namba hiyo akiiweka katika tovuti ya shirika la meli, ataona kila hatua kwa tarehe. Neno Discharged mbele ya jina Colombo maana yake kontena limeshushwa huko. Neno Loaded likifuata, pamoja na jina jingine la meli, maana yake limepakiwa tena. Kati ya maneno hayo mawili ndipo zinapoonekana siku za kusubiri. Ikiwa Discharged imekwisha kuandikwa mbele ya Dar es Salaam wiki mbili zilizopita, basi wakala anayesema meli imechelewa hasemi kweli, na sababu itafutwe kwenye ushuru, nyaraka au ufunguaji wa kontena.

Tarehe hiyo ya Dar es Salaam ina uzito wa fedha. Siku za kuhifadhi mzigo bila malipo huanza kuhesabiwa baada ya kushushwa bandari ya mwisho, nazo zikiisha gharama huanza. Kwa siku za Colombo, kontena likiwa linasafiri kwa hati moja hadi Dar es Salaam, kwa kawaida uhifadhi wake ni jukumu la shirika la meli. Mtumiaji akidaiwa fedha za kuhifadhi mzigo Colombo, aombe ankara ya shirika hilo kabla ya kulipa chochote, na ahakikishe pia kwamba anayemdai ana leseni ya kukusanya shehena inayotolewa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC).

Kudai fidia ya kuchelewa ni kugumu zaidi, nasi hatupendi kumpa mtu matumaini ya bure. Hati nyingi za shehena hulipa shirika la meli haki ya kuhamisha mzigo kati ya meli, na tarehe ya kufika huandikwa kama makadirio. Nafasi ya mtumiaji iko kabla ya kulipa: aulize kama kontena litahamishwa, wapi, na meli ya pili huondoka mara ngapi kwa wiki. Kama ipo safari isiyohamisha shehena, alinganishe nauli na tarehe, akikumbuka kwamba meli hiyo nayo inaweza kungoja zamu ya gati Dar es Salaam.

Kwa safari inayohamisha shehena na yenye meli moja kwa wiki, tunashauri makadirio yaongezwe wiki 2, yaani safari mbili zilizokosekana. Fundi wetu aliyetarajia tarehe 25 Oktoba angepanga tarehe 8 Novemba, kisha akaongeza siku za kufungua kontena, kutoa mzigo bandarini na kuusafirisha zaidi ya kilomita 1,100 hadi Mwanza. Cherehani zingekuwa Mkolani mwishoni mwa Novemba, na mwezi mzima wa Desemba ungebaki wa kushona.