Kona ya Waandishi Wachanga: Nukta na Herufi Kubwa Katika Barua ya Huduma

Katika kaya nyingi za kata zetu barua inayopelekwa ofisini huandikwa na mtoto. Bibi au babu husema, mjukuu huandika, na karatasi hiyo hufikishwa kwa Afisa Mtendaji au hutiwa katika sanduku la maoni. Somo la toleo hili linawahusu waandishi hao wachanga, pamoja na wazazi na walezi wanaoketi nao. Linashughulikia alama mbili tu: nukta, ambayo baadhi ya vitabu huiita kituo kikuu, na herufi kubwa.

Tuanze na barua ya mfano, iliyotungwa kwa ajili ya somo hili. Mwandishi wake anaishi katika kitongoji kiitwacho Sokoni. Ameandika maneno yote sawasawa, bila kukosea tahajia hata moja, lakini hakuweka nukta wala herufi kubwa:

bomba la sokoni limepasuka tangu jumatatu tunachota maji mtoni bibi rehema aliteleza jumatano ameumia mguu tunaomba fundi aje mapema

Sasa jiweke katika nafasi ya ofisa anayeipokea. Swali lake la kwanza ni mahali. Je, ni bomba lililopo penye soko, au ni bomba la kitongoji cha Sokoni? Katika Kiswahili maneno ya kawaida hugeuka kuwa majina ya mahali kwa urahisi: Sokoni, Mtoni, Bondeni, Mlimani, Majengo. Tofauti ya maandishi kati ya penye soko na kitongoji cha Sokoni ni herufi moja tu, ile ya mwanzo. Ikikosekana, fundi anaweza kufungasha vifaa vyake na kwenda kwenye bomba lisilo na tatizo.

Swali la pili ni siku. Barua hii inaweza kusomwa hivi: "Bomba la Sokoni limepasuka tangu Jumatatu. Tunachota maji mtoni." Inaweza pia kusomwa hivi: "Bomba la Sokoni limepasuka. Tangu Jumatatu tunachota maji mtoni." Katika usomaji wa kwanza, Jumatatu ndiyo siku bomba lilipopasuka. Katika usomaji wa pili, Jumatatu ndiyo siku watu walipoanza kwenda mtoni. Huenda bomba lilianza kuvuja tangu Ijumaa, likawa linatoa maji kidogo hadi yakakatika kabisa. Maneno ni yale yale na mpangilio wake ni ule ule. Kilichohama ni nukta peke yake. Mwandishi ndiye anayejua ukweli, na nukta ndiyo njia yake ya kuusema.

Sentensi inaishia wapi?

Watoto wengi huambiwa waweke nukta mahali wanapovuta pumzi. Ushauri huo husaidia kidogo, lakini pumzi hudanganya: mtoto mwenye pumzi fupi atakata sentensi katikati, na mwenye pumzi ndefu ataandika ukurasa mzima bila kituo. Njia ya uhakika zaidi ni kutafuta vitenzi. Kitenzi cha Kiswahili hubeba ndani yake mtendaji na wakati. Neno "tumefika" linatuambia ni nani na ni lini, kwa hiyo linaweza kuwa sentensi kamili likiwa peke yake: "Tumefika."

Turudi kwenye barua yetu na tupigie mstari vitenzi vyake: limepasuka, tunachota, aliteleza, ameumia, tunaomba, aje. Ni vitenzi sita. Kitenzi cha mwisho, "aje", hakisimami chenyewe hapa, kwa kuwa kinaeleza kile tunachokiomba. Tunabaki na vitenzi vitano vinavyojitegemea, basi tutarajie sentensi tano. Kazi iliyobaki ni kugawa maneno mengine kwa vitenzi hivyo: neno "mtoni" ni la "tunachota", neno "mguu" ni la "ameumia". Maneno "tangu jumatatu" ndiyo yanayoweza kwenda pande mbili, na hapo mlezi amwulize mtoto: "Jumatatu kilitokea nini?" Jibu lake litaonyesha nukta inakaa wapi.

Upo mtego mmoja ambao ni lazima uelezwe. Si kila kitenzi kinafunga maana. Mtoto akiandika "Mvua iliponyesha." na kuweka nukta, msomaji hubaki akingoja: iliponyesha, kukawaje? Kiambishi "-po-" kinachoonyesha wakati humwahidi msomaji kwamba kuna jambo linafuata. Ndivyo ilivyo kwa "-ki-" ya masharti: "Ukifika kisimani" si sentensi mpaka uambiwe ufanye nini ukishafika. Kwa hiyo tunaandika: "Mvua iliponyesha tulikimbilia ndani." Tunaandika pia: "Ukifika kisimani panga foleni." Jaribio lake ni rahisi. Msomee mtu sehemu iliyo kabla ya nukta, kisha unyamaze. Akikutazama kama anayesubiri, nukta imewekwa mapema.

Kosa la upande wa pili ni la mtoto anayeunga kila kitu kwa "halafu" na "na": "tulienda mtoni halafu tukachota maji halafu bibi akateleza halafu tukarudi". Hapa mlezi asifute kila "halafu". Achague mahali jambo jipya linapoanza, aweke nukta hapo, aondoe kiunganishi kimoja, kisha asikilize kama habari inaeleweka bado.

Herufi kubwa zinakaa wapi?

Katika barua kama hii herufi kubwa zina kazi mbili. Ya kwanza ni kufungua sentensi. Ndiyo sababu nukta hutangulia katika masahihisho: ukishaipata nukta, herufi kubwa inayofuata inajulikana bila kutafutwa.

Kazi ya pili ni kutambulisha jina maalumu: la mtu, la mahali, la siku, la mwezi, la taasisi, la lugha. Tunaandika Rehema, Mlimani, Jumatano, Agosti, Shule ya Msingi Bondeni, Kiswahili. Katika jina lenye maneno kadhaa, viunganishi vidogo kama "ya" na "la" hubaki na herufi ndogo. Majina ya watu nayo yanahitaji uangalifu, kwa sababu mengi ni maneno ya kawaida: Neema, Baraka, Amani, Rehema, Furaha. Ukiandika "tunamwombea Amani", unamwombea mtu. Ukiandika "tunaomba amani", unaomba utulivu.

Cheo au neno la heshima likitangulia jina hupewa herufi kubwa: Bibi Rehema, Mzee Amani, Mwalimu Neema. Likisimama bila jina huandikwa kwa herufi ndogo: "bibi yangu", "mwalimu wetu". Kwa watoto wanaojifunza pia Kiingereza, wakumbushwe kwamba neno "mimi" halina herufi kubwa isipokuwa linapoanza sentensi.

Yapo makosa mawili ya mkono ambayo mlezi atayaona mara kwa mara. La kwanza ni herufi kubwa katikati ya neno, kama "maKuti" au "maSika". Hutokea zaidi kwa herufi ambazo kubwa na ndogo zinafanana umbo, kama S, O, V na Z, ambapo tofauti ni kimo tu. Mtoto aonyeshwe kwamba s ndogo huishia katikati ya mistari miwili ya daftari, na S kubwa huinuka karibu na mstari wa juu. La pili ni kuandika barua yote kwa herufi kubwa, kwa kuiga mabango na matangazo, yakiwemo yanayobandikwa katika ofisi zetu. Bango huandikwa hivyo lisomeke kwa mbali. Katika barua, mtindo huo hurudisha tatizo lile lile: "SOKONI" haituambii kama ni soko au ni kitongoji.

Barua iliyosahihishwa

Bomba la Sokoni limepasuka. Tangu Jumatatu tunachota maji mtoni. Bibi Rehema aliteleza Jumatano. Ameumia mguu. Tunaomba fundi aje mapema.

Nukta ni tano na herufi kubwa ni tisa. Neno "mtoni" limebaki na herufi ndogo, kwa sababu mwandishi anazungumzia mto wenyewe, si kitongoji chenye jina hilo.

Zoezi la kusahihisha

Kijana, chukua daftari na penseli. Nakili habari ifuatayo, kisha uisahihishe kwa mizunguko mitatu. Mzunguko wa kwanza, pigia mstari vitenzi na uweke nukta. Wa pili, weka herufi kubwa baada ya kila nukta, na mwanzoni mwa habari. Wa tatu, tafuta majina maalumu. Ujue kwamba Mlimani ni kitongoji, na kwamba gulio hufanyika penye soko la kawaida.

jina langu ni baraka ninasoma katika shule ya msingi bondeni kila jumamosi ninakwenda gulioni na bibi yangu tunapofika sokoni tunamkuta mzee amani akipanga ndizi mwezi wa agosti alihamia mlimani sasa anatembea mwendo mrefu kuja kuuza

Usisome majibu kabla ya kumaliza mzunguko wa tatu.

Majibu

Jina langu ni Baraka. Ninasoma katika Shule ya Msingi Bondeni. Kila Jumamosi ninakwenda gulioni na bibi yangu. Tunapofika sokoni tunamkuta Mzee Amani akipanga ndizi. Mwezi wa Agosti alihamia Mlimani. Sasa anatembea mwendo mrefu kuja kuuza.

Nukta ni sita na herufi kubwa ni kumi na tano. Majibu yako yakitofautiana na haya, tazama sehemu tatu. Kwanza, je, uliweka nukta baada ya "tunapofika sokoni"? Ni ule mtego wa "-po-". Pili, je, uliandika "Sokoni" kwa herufi kubwa? Hapa ni soko, si kitongoji. Tatu, je, uliunganisha "mwezi wa Agosti" na kupanga ndizi? Nukta ingeweza kukaa hapo, lakini Baraka amesema wanakwenda kila Jumamosi, basi kupanga ndizi hakuwezi kuwa kwa mwezi mmoja tu. Agosti ni mwezi wa kuhama.

Mzazi au mlezi, unaposahihisha usichukue penseli ya mtoto. Msomee kwa sauti alichoandika, ukisimama penye nukta zake tu na mahali pengine popote usisimame. Atasikia mwenyewe pale maana inapokatika au inapojazana, naye ataomba daftari arekebishe. Barua ikishapita jaribio hilo nyumbani, itapita pia mezani kwa Afisa Mtendaji, na fundi atajua ni kitongoji gani aende.