HEDHI ISIPORUDI BAADA YA KUACHA VIDONGE

Huku kwetu Arusha na kandokando ya Mlima Meru akina mama wengi hutumia vidonge vya kupanga uzazi. Wengine wakiviacha hawaoni siku zao kwa miezi kadhaa. Hapo maneno huanza: "Vidonge vimelundikana tumboni," au "Kizazi kimeungua." Je, ni kweli? Tuangalie mfano wa mama mmoja wa Poli. Tumwite Mama Neema.

Mama Neema alitumia vidonge kwa miaka minne. Kila mwezi aliona damu bila kukosa. Tarehe 10 Januari alimeza kidonge cha mwisho, kwa kuwa yeye na mumewe walitaka mtoto wa pili. Baada ya siku tatu damu ikatoka. Tangu hapo hakuona kitu. Februari ikapita, na Machi ikapita. Mama mkwe akamwambia, "Mwanangu, dawa hizo zimekuharibu."

Kwanza tujifunze jambo moja. Damu anayoona mama anapotumia vidonge si hedhi kamili. Vidonge vyenye dawa ni 21. Akivimaliza, dawa hupungua mwilini, ndipo damu hutoka. Vile 7 vya mwisho havina dawa ya kuzuia mimba. Kwa hiyo damu ile ya Januari ilikuwa ya vidonge. Dawa yenyewe hutoka mwilini kwa siku chache tu. Hailundikani, wala haiunguzi kizazi. Mama wengi huona hedhi yao wenyewe baada ya wiki nne mpaka sita.

Wengine huchelewa kidogo. Lakini miezi mitatu ikitimia bila hedhi, tusingoje tena. Twende tukapimwe. Kwa Mama Neema miezi mitatu ilitimia tarehe 10 Aprili. Akaenda zahanati.

Muuguzi alianza na kipimo cha mimba cha mkojo. Kwa nini? Kwa sababu yai hutoka kama wiki mbili kabla ya hedhi. Mama anaweza kushika mimba hata kabla ya kuona hedhi yake ya kwanza. Basi asiyetaka mimba asidhani kuwa kukosa hedhi ni kinga. Mama Neema hakuwa na mimba.

Kisha muuguzi akamuuliza maswali. Umepungua uzito sana? Una mawazo mengi? Unanyonyesha? Maziwa yanatoka na hunyonyeshi? Unasikia joto la ghafla usiku? Ulichoma sindano ya kupanga uzazi? Swali hilo la sindano ni muhimu. Baada ya sindano ya miezi mitatu, hedhi inaweza kuchelewa hata mwaka mzima, na si ugonjwa.

Swali la mwisho ndilo lililofungua mlango: "Kabla ya vidonge ulikuwa unaonaje siku zako?" Mama Neema akakumbuka. Tangu usichana wake aliona siku kila baada ya miezi miwili au mitatu. Tena alikuwa na ndevu chache kidevuni. Yaani tatizo lilikuwepo zamani. Vidonge vilileta damu kila mwezi, vikalifunika. Alipoviacha, likaonekana tena.

Akapewa barua ya kwenda hospitali ya mkoa, Mount Meru. Huko alipimwa damu, kuangalia tezi ya shingo na homoni ya maziwa. Zote zilikuwa sawa. Kipimo cha picha kilionyesha vijiyai vingi vidogo ambavyo havikomai. Daktari akampa vidonge vya homoni vya siku 10. Siku chache baada ya kuvimaliza, damu ikatoka. Hiyo ilionyesha kuwa kizazi ni kizima na njia iko wazi. Shida ni yai kutokomaa, na ipo dawa ya kusaidia yai likomae.

Mtu mwenye hali hii asikae miezi mingi bila damu, hata kama hataki mtoto. Ukuta wa ndani wa kizazi huzidi kuwa mnene, na baada ya miaka unaweza kuleta ugonjwa mbaya.

Wako ambao wasingoje miezi mitatu. Mwenye maumivu makali chini ya tumbo, hasa upande mmoja, pamoja na kizunguzungu, aende hospitali siku hiyohiyo. Huenda mimba imetunga nje ya kizazi. Mwenye maziwa yasiyo ya kunyonyesha, anayeumwa kichwa na kuona vibaya, naye awahi.

Ukienda zahanati, chukua karatasi yenye tarehe tatu: ya kidonge cha mwisho, ya damu ya mwisho, na ya sindano kama uliwahi kuchoma. Andika pia ulivyokuwa unaona siku zako kabla ya vidonge.

MASWALI
1. Kwa nini damu ya mwezi wa Januari haikuhesabiwa kuwa hedhi?
2. Kwa nini kipimo cha mimba hufanywa kwanza?
3. Jirani yako aliacha vidonge tarehe 5 Mei na hajaona hedhi. Aende kupimwa lini?