Jua Haki Zako: Mgeni akikushika, meneja akisema vumilia

Wasichana wengi wa Abuku wanaoshuka mjini Koboko au Arua kutafuta kazi huanzia kwenye loji, baa na mikahawa. Wateja wao ni madereva wa malori ya Juba, wafanyabiashara wa kwenda Ariwara na watu wa mashirika. Wengi wao hula, hulala, hulipa na kuondoka kwa heshima. Makala haya yanawahusu wale wengine, pamoja na mabosi wanaowafumbia macho kwa sababu wanalipa vizuri.

Tuseme binti mmoja ni mhudumu wa vyumba katika loji yenye wafanyakazi saba. Hana karatasi ya ajira, aliajiriwa kwa mdomo. Mgeni wa mara kwa mara anapiga simu mapokezi saa nne usiku akitaka maji. Binti anapofika mlangoni, mgeni anamvuta mkono na kumshika matiti. Anajitoa, anakimbia, anamwambia meneja. Meneja anajibu: “Huyo ni mteja wetu mkubwa, vumilia.” Wiki inayofuata mgeni anarudi, na meneja anamtuma tena yuleyule kwa chumba kilekile. Anapokataa, anaambiwa asirudi kazini kesho.

Hapo kuna makosa matatu, na kila moja lina mlango wake. Watu wengi hupoteza kesi kwa kuyachanganya.

La kwanza ni la mgeni. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inaeleza unyanyasaji wa kijinsia kazini, lakini inamtaja mwajiri au mwakilishi wake, yaani mtu mwenye mamlaka juu ya wafanyakazi. Mgeni hayumo, wala mwenzako wa ngazi moja anayekushika jikoni. Kwa hiyo ukimpeleka mgeni kwa afisa wa kazi, huenda ukaambiwa hapo si mahali pake, na kwa kweli si pake. Mgeni ni wa polisi. Kumshika mwanamke kwa aibu bila ridhaa yake ni shambulio la aibu chini ya Sheria ya Makosa ya Jinai, na adhabu yake inaweza kufika miaka 14 jela. Hata asipokugusa, maneno au ishara za kukuvunjia heshima kama mwanamke ni kosa lenye kifungo cha hadi mwaka mmoja. Mwenzako wa kazi naye anaweza kushtakiwa kwa sheria hiyohiyo.

Ndiyo sababu mwenyekiti wa LC1 hawezi kulimaliza jambo hili kwa mbuzi au kwa pesa ya “kusahau”. Shambulio la aibu ni kosa kubwa la jinai, na mahakama ya kijiji haina mamlaka nalo. Mzee wa kijiji anaweza kukusindikiza polisi, na akifanya hivyo mshukuru. Ukifika kituoni hakikisha maelezo yako yameandikwa, kisha uombe namba ya SD, yaani namba ya shauri lako katika daftari la kituo. Bila namba hiyo, kesho utaambiwa hujawahi kufika. Kama umeumizwa au umeingiliwa, omba fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari na uende hospitali kabla ya kuoga. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI lazima zianzwe ndani ya saa 72. Foleni ya polisi ikiwa ndefu, anza na hospitali.

Kosa la pili ni la meneja. Yeye hakumshika mtu, na atajitetea kwa hilo. Lakini sheria inasema ombi la ngono linaweza kufanywa moja kwa moja au kwa kuzunguka, likiambatana na ahadi ya upendeleo au tishio kuhusu kazi. Bosi anayemtuma mfanyakazi chumbani akijua mgeni anataka nini, na kumtishia akikataa, kwa maoni yangu amepita njia hiyo ya kuzunguka. Huyu ndiye wa kupelekwa kwa afisa wa kazi wa wilaya au wa jiji, ambaye ana mamlaka ya kuchunguza, kusuluhisha na kuamua. Ulinzi huu ni wa kila mfanyakazi, mwanamume pia.

Kosa la tatu ni kumfukuza. Mkataba wa mdomo ni mkataba mbele ya sheria ya Uganda, na mwajiri ndiye anayepaswa kukupa maelezo ya ajira kwa maandishi ndani ya wiki 12. Asipofanya hivyo, kosa ni lake. Kumwachisha mtu kazi kwa sababu amelalamika kwa nia njema si sababu halali. Hata ukiondoka mwenyewe kwa kuwa bosi ameyafanya maisha ya kazini hayavumiliki, sheria inaweza kulihesabu hilo kuwa umeachishwa. Afisa wa kazi akikaa siku 90 bila kutoa uamuzi, unaweza kulipeleka dai lako katika Mahakama ya Viwanda.

Ushahidi ndio huwaangusha wengi, kwa sababu mambo haya hutendeka watu wawili wakiwa peke yao. Andika siku hiyohiyo: tarehe, saa, namba ya chumba, alichosema, ulichojibu, nani alikuona ukitoka unalia. Mwambie mtu mmoja unayemwamini usiku huohuo, maana huyo ndiye shahidi wako. Ujumbe wa simu usiufute, hata kama unakutia kinyaa. Kitabu cha wageni kina jina la mtu huyo na tarehe, nawe una haki ya kuwaambia polisi wakakichukue.

Sasa neno kwa mwenye loji. Sheria inamlazimisha mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 kuweka hatua za kuzuia unyanyasaji. Kanuni za mwaka 2012 zinamtaka awe na sera ya maandishi, mtu wa kupokea malalamiko, na kamati yenye watu wa uongozi na wa wafanyakazi. Loji za Koboko zenye watu 25 nadhani unaweza kuzihesabu kwa vidole. Lakini Uganda iliridhia mwaka 2023 Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao unataka wateja na wageni wahesabiwe pia. Usingoje kulazimishwa. Karatasi moja ukutani, kwa Kiswahili na kwa Kikakwa au Kilugbara, inatosha: usafi wa chumba hufanywa mgeni akiwa nje na mlango ukiwa wazi, baada ya saa mbili usiku vitu hupelekwa na watu wawili au mgeni huja kuchukua mapokezi, anayemgusa mfanyakazi anaondoka. Andika majina mawili ya kupokea malalamiko, mmoja wao mwanamke, na wasiwe ndugu wa meneja wote wawili. Anayelalamikiwa akiwa mfanyakazi wako, msikilize kabla ya kumfukuza, na umruhusu aje na mtu wake. Ukimfukuza bila kumsikiliza utamlipa mshahara wa wiki nne, hata kama alifanya kweli.

Nawe dada uliyefukuzwa, una miezi mitatu tangu siku hiyo kupeleka malalamiko kwa afisa wa kazi. Huduma yake hailipiwi. Ukikwama, piga 116 bila malipo, au nenda ofisi ya Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda iliyoko Arua.