Kubadili fonti ya Windows nzima

SWALI: Nataka Windows 10 yangu yote itumie Verdana. Kuna hatari?

JIBU: Kusakinisha fonti hakuna shida. Shida huanza unapoingia kwenye sajili kuiondoa Segoe UI. Verdana ni pana zaidi, kwa hiyo maneno marefu hukatika kwenye vitufe, hasa vya programu za zamani. Ukiona vijisanduku vitupu badala ya alama, umegusa Segoe MDL2 Assets. Hiyo iache kabisa.

Kwanza fungua `regedit`, uhifadhi nakala kwa File > Export. Mambo yakiharibika, bofya nakala hiyo mara mbili. Lakini hairudishi kila kitu: mstari ulioongeza kwenye `FontSubstitutes` ili Verdana ichukue nafasi ya Segoe UI haiufuti. Ufute mwenyewe, kisha uwashe kompyuta upya.