Soma Kichwa cha Jedwali Kabla ya Kugawanya

Kosa ninalolikuta zaidi nikisahihisha maswali ya faida linganishi ni la mwanafunzi kuona tarakimu kubwa na kumpa mwenye nayo kila kitu. Tazama jedwali hili nililolitunga, la kile anachozalisha mfanyakazi mmoja kwa mwezi:

| | Majora ya kitambaa | Mapipa ya mvinyo |
|---|---|---|
| Ureno | 4 | 8 |
| Uingereza | 3 | 3 |

Ureno inaongoza kote. Hiyo ni faida kamili, na swali halikuuliza hilo. Linauliza kila nchi inaacha nini ili ipate jora moja, yaani gharama ya fursa.

Mfanyakazi wa Ureno akifuma majora 4, mapipa 8 yamemponyoka. Kwa hiyo jora moja linamgharimu mapipa 2. Wa Uingereza akifuma majora 3 anakosa mapipa 3, basi jora lake ni pipa 1. Uingereza ndiyo yenye kitambaa cha bei nafuu, ingawa mfumaji wake ni mzito kuliko wa Ureno. Upande wa mvinyo geuza tu sehemu: pipa moja ni nusu jora Ureno, na jora zima Uingereza. Ukiona nchi moja imeshinda bidhaa zote mbili kwa gharama ya fursa, umekosea hesabu, rudi nyuma.

Jibu lako lijaribu kwa kuhamisha watu. Uingereza itoe wafanyakazi 4 kwenye mvinyo na kuwapeleka kwenye ufumaji: majora yanaongezeka 12, mapipa yanapungua 12. Ureno ihamishe 3 kutoka kitambaa kwenda mvinyo: majora yanapungua 12, mapipa yanaongezeka 24. Kitambaa ni kilekile, mvinyo umezidi mapipa 12, na hakuna aliyeongezewa saa hata moja ya kazi. Wakibadilishana jora moja kwa pipa moja na nusu, wote wananufaika, kwa sababu bei hiyo iko kati ya 1 na 2. Nje ya hapo, mmoja atajitengenezea mwenyewe.

Mtego mkubwa uko kwenye kichwa cha jedwali. David Ricardo, mwaka 1817, hakuandika mazao ya mfanyakazi. Aliandika watu wanaohitajika kwa mwaka: Uingereza 100 kwa kitambaa na 120 kwa mvinyo, Ureno 90 na 80. Hapo tarakimu ndogo ndiyo bora, na mgawanyo unapinduka. Kwenye jedwali la mazao, bidhaa unayoitafutia gharama inakaa chini ya mstari, lakini kwenye jedwali la watu au saa inakaa juu. Kitambaa cha Uingereza ni 100/120, yaani 5/6 ya mvinyo, na cha Ureno 90/80, yaani 9/8. Uingereza ifume. Ukigawanya tarakimu hizo kwa kanuni ya mazao utapata 6/5 na 8/9, na utakuwa umeipeleka Ureno kwenye vitambaa.